Dashibodi ya wiki ya timu ya masoko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yote hapa yanafuata duka moja la mfano. Linauza mashuka na mapazia Dar es Salaam na kutangaza Facebook na Instagram. Mteja akibonyeza tangazo anaingia WhatsApp, anaelewana na mhudumu, oda inaandikwa. Mzigo wa mjini unakwenda na bodaboda na mteja analipa akishaupokea. Wa mikoani unapanda basi. Timu ina meneja wa masoko, msimamizi wa matangazo, wahudumu wawili wa meseji na kijana anayefunga mizigo. Kiasi cha fedha ni cha mfano, kimechaguliwa ili hesabu iwe rahisi kufuata.

Nianze na namba gani?

Usianze na namba. Anza kwa kuwauliza wenzako: ni mambo gani tunaweza kuyabadilisha wiki hii, sisi wenyewe, bila kusubiri kibali cha mtu? Katika duka letu jibu ni fupi. Tunaweza kuhamisha bajeti kutoka tangazo moja kwenda jingine. Tunaweza kubadili zamu za wahudumu. Tunaweza kudai malipo ya awali kabla mzigo haujatoka. Na tunaweza kusimamisha tangazo la bidhaa inayokaribia kuisha. Bei haiguswi kila wiki, msambazaji habadilishwi kila wiki, nembo ndiyo kabisa.

Kwa kila uamuzi andika sentensi moja yenye namba, kikomo, mtu na kitendo. Kwa mfano: "Tangazo likila zaidi ya shilingi 12,000 kwa kila oda iliyofika, wiki mbili mfululizo, msimamizi wa matangazo analipunguzia bajeti kwa nusu." Sentensi hiyo iandikwe kabla hamjaona takwimu za wiki. Mkishaziona, kila mmoja atatafuta kikomo kinacholinda kazi yake.

Namba isiyo na sentensi ya namna hiyo haiingii kwenye dashibodi. Ukifuata sharti hili kwa ukali, duka hili linabaki na namba nne. Watu wengi hushtuka, wanadhani wamesahau kitu.

Je, laiki, wafuasi na idadi ya watu waliofikiwa?

Jiulize maswali mawili. Laiki zikipanda maradufu wiki hii, tutafanya nini? Zikishuka kwa nusu, je? Kama jibu la yote mawili ni "tutaendelea hivyo hivyo", hazina kazi kwenye ukurasa wa wiki.

Sisemi zifutwe. Msimamizi wa matangazo anazihitaji anapochunguza kwa nini tangazo limechoka: likionyeshwa kwa watu walewale mara nyingi mno, wanaobonyeza hupungua na gharama hupanda. Huo ni uchunguzi wake, anaufanya palepale ndani ya Meta Ads Manager, zana ya matangazo ya Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram. Bosi akizipenda, mpe karatasi ya pili, aifungue akitaka. Shida ya kuziweka ukurasa mmoja na mauzo ni kwamba siku zote kuna laiki zilizopanda mahali fulani, na kikao kitaanzia hapo.

Kipimo kikuu kiwe kipi?

Kwa biashara ya namna hii, ni gharama ya tangazo kwa kila oda iliyofika. Oda iliyofika maana yake mzigo umepokelewa na hela imeingia. Meseji haitoshi, na oda iliyoandikwa tu haitoshi pia.

Tazama wiki moja. Matangazo mawili yamepewa shilingi 300,000 kila moja. La kwanza ni video ya mashuka ya satini, muziki mzuri, bei haikuandikwa. La pili ni picha ya kawaida ya shuka la pamba, bei na ukubwa wa kitanda vimeandikwa juu yake.

| | Video, bila bei | Picha, yenye bei |
|---|---|---|
| Matumizi | 300,000 | 300,000 |
| Meseji | 250 | 150 |
| Oda | 30 | 42 |
| Oda zilizofika | 18 | 36 |
| Gharama kwa meseji | 1,200 | 2,000 |
| Gharama kwa oda iliyofika | 16,667 | 8,333 |

Mwenye kutazama gharama kwa meseji ataona video imeshinda na ataiongezea hela. Meta yenyewe itakubaliana naye, kwa sababu imeambiwa itafute watu wa kuanzisha mazungumzo, na imewapata. Lakini wengi wao waliingia kuuliza bei, wakaisikia, wakaaga. Hata walioagiza, 12 kati ya 30 hawakupokea mzigo. Kwenye picha yenye bei, anayeandika meseji ameshakubaliana na bei kichwani mwake. Wahudumu nao wanapata nafuu, maana "bei gani?" 250 ni kazi ya siku nzima.

Jambo la pembeni, lakini huwaangusha wengi: gharama ya duka zima si wastani wa 16,667 na 8,333. Jumlisha matumizi yote, 600,000, ugawe kwa oda zote zilizofika, 54. Unapata 11,111. Ukichukua wastani wa wastani unapata 12,500, na hapo utakuwa umevuka kikomo bila sababu.

Kikomo cha 12,000 kimetoka wapi?

Kimetoka kwenye hesabu ya faida, na afadhali mhasibu aikague. Oda ya kawaida ni shilingi 65,000. Shuka limenunuliwa 38,000. Bodaboda na mfuko ni 5,000. Zinabaki 22,000. Sasa kumbuka mizigo inayorudi: hapa, kila oda tatu zinapofika, moja inashindikana, na safari iliyopotea inakula 3,000. Zigawanye kwa zile tatu, kila oda iliyofika inabeba 1,000. Zinabaki 21,000. Mishahara, kodi ya fremu na umeme, ukivigawa kwa oda za mwezi wa kawaida, vinachukua 9,000. Kinachobaki ni 12,000.

Kwa hiyo 12,000 ni mahali ambapo oda haina faida wala hasara. Ukitaka faida, lazima ukae chini yake. Biashara ambayo mteja hurudi kila mwezi, mfano mafuta ya nywele au chakula cha watoto, inaweza kuvuka kikomo kwenye oda ya kwanza kwa makusudi, kwa sababu ya pili na ya tatu zinakuja bila tangazo. Shuka si hivyo.

Kokotoa upya bei ya kununulia au ya mafuta inapobadilika. Kikomo kilichoandikwa mwaka juzi ni mapambo.

Na kwenye matumizi, andika fedha iliyotoka kwenye kadi, pamoja na kodi na makato ya benki, kwa shilingi. Tarakimu ya dola inayoonekana kwenye akaunti ya matangazo huwa pungufu ya unacholipa.

Wiki hii tangazo limefanya vibaya. Tulikate?

Inategemea oda ni ngapi. Biashara ndogo ina oda chache, na namba chache huruka zenyewe bila mtu kufanya chochote. Tangazo linalozalisha oda 18 kwa wiki linaweza kuleta 12 wiki moja na 25 wiki nyingine, tangazo likiwa lilelile na wateja wa aina ileile.

Kuna njia nyepesi ya kupima matangazo mawili yaliyopewa bajeti sawa. Jumlisha oda zao zilizofika, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, zidisha kwa mbili. Tofauti kati yao ikiwa ndogo kuliko jibu hilo, subiri wiki nyingine. Kwa video na picha: 18 na 36 ni 54, kipeuo chake ni kama 7.3, mara mbili ni 14.7. Tofauti yao ni 18, imezidi, kwa hiyo kuna jambo la kweli na mnaweza kuhamisha hela. Kama picha ingeleta 24 badala ya 36, jumla ni 42, kipeuo ni 6.5, mara mbili ni 13. Tofauti ya 6 haifiki hata nusu. Hapo hakuna uamuzi, hata kama mchoro unaonyesha nguzo moja imeizidi nyenzake kwa theluthi.

Hesabu hii inataka wateja wasiohusiana. Gesti ikiagiza jozi 20 kwa mpigo, huyo ni mteja mmoja. Mhesabu hivyo, la sivyo tangazo lililompata litaonekana la miujiza kwa wiki moja.

Kuna sababu nyingine ya kutokuwa na papara. Meta ina kipindi cha kujifunza: seti ya matangazo huhitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki moja baada ya badiliko kubwa la mwisho ndipo itulie. Ukibadilisha bajeti Jumanne, picha Alhamisi na walengwa Jumamosi, kila mara unairudisha mwanzo. Ndiyo maana sentensi yetu ya kwanza inasema wiki mbili mfululizo.

Oda ambazo ziko njiani zihesabiwe wiki gani?

Hesabu kila oda katika wiki ilipoagizwa, hata kama imefika wiki inayofuata. Hapa ndipo dashibodi nyingi hupotosha watu wenye nia njema, kwa hiyo nitaieleza taratibu.

Tuseme theluthi mbili ya oda hufika ndani ya wiki ileile na theluthi moja hufika wiki inayofuata, kwa sababu ya mikoani na wale wa "niletee Jumatatu". Duka limekuwa likitumia 600,000 na kupata oda 54 zinazofika. Wiki hii mmepandisha bajeti hadi 900,000, na matangazo yamefanya kazi kwa ubora uleule, kwa hiyo mwishowe zitafika oda 81. Lakini ukihesabu mizigo iliyopokelewa ndani ya wiki hii tu, unapata 54 kutoka kwenye hizo 81, na 18 za wiki iliyopita. Jumla 72. Gawa 900,000 kwa 72 unapata 12,500. Kikomo kimevukwa, meneja anaagiza bajeti irudi 600,000.

Wiki inayofuata bajeti imerudi. Zinafika 36 za wiki hiyo na 27 zilizosalia za wiki ya bajeti kubwa, jumla 63. Gawa 600,000 kwa 63, unapata 9,524. Kila mtu anapongezana kwa kukata bajeti. Ukweli ni kwamba gharama haikutikisika hata kidogo. Muda wote ilikuwa 11,111. Kilichobadilika ni foleni ya mizigo.

Dawa yake ni kuonyesha wiki mbili kwa namna tofauti. Wiki iliyoisha juzi iandikwe kwa rangi ya kijivu na neno "haijaiva". Wiki ya kabla yake ndiyo iliyoiva, na maamuzi ya bajeti yanafanywa juu ya hiyo. Kuchelewa kwa siku saba kunauma, lakini ni nafuu kuliko kupandisha na kushusha bajeti kwa namba ya uongo.

Tutajuaje oda imetoka tangazo lipi?

Kila tangazo la kwenda WhatsApp linaruhusu kuandaa ujumbe ambao mteja anaukuta umeshaandikwa. Weka alama fupi ndani yake, mfano "Habari, naulizia shuka la pamba P2". Mhudumu akiandika oda anaandika na P2. Wateja wengine wanafuta na kuandika "mambo", lakini mara nyingi tangazo lenyewe linaonekana juu ya mazungumzo, hivyo mhudumu anaweza kulitambua. Lebo za WhatsApp Business zinasaidia kutenganisha waliolipa na ambao bado.

Watabaki ambao hawajulikani walikotoka. Wape mstari wao, "haijulikani", na usiwagawe kwa kubahatisha. Mstari huo ukizidi moja ya tano ya oda zote, acheni kulinganisha matangazo wiki hiyo na mshughulikie uandikaji kwanza.

Namba za Meta na za daftari letu hazilingani. Tuamini zipi?

Oda na hela: daftari lenu. Matumizi na meseji: Meta.

Meta haijui kilichotokea ndani ya mazungumzo ya WhatsApp isipokuwa mmeirudishia taarifa hizo. Hata pale inapohesabu mauzo ya tovuti, kwa mpangilio wa kawaida inajihesabia mauzo yaliyotokea ndani ya siku 7 baada ya mtu kubonyeza, au siku 1 baada ya kuliona tangazo tu bila kulibonyeza. Google Analytics inahesabu kwa njia yake. Ukijumlisha madai ya kila mtandao unaweza kupata oda nyingi kuliko mifuko iliyotoka stoo.

Kagua pia saa za akaunti. Akaunti ya matangazo iliyofunguliwa kwa saa za Los Angeles inaanza siku mpya saa nne au saa tano asubuhi ya Dar es Salaam, kutegemea majira ya kule. Wiki yako inayoanza Jumatatu itakuwa imekatwa mahali pengine na wiki ya Meta. Dalili yake ni kwamba jumla ya mwezi inakaribiana lakini za siku moja moja hazipatani kamwe.

Namba nyingine tatu ni zipi?

Ya pili ni asilimia ya meseji zilizogeuka oda, na inasomwa pamoja na muda wa kujibu. Asilimia ikishuka kwenye tangazo moja tu, tatizo ni tangazo. Ikishuka kwenye yote kwa pamoja, tazama wahudumu kabla hujamlaumu msimamizi wa matangazo. Chukua mazungumzo 21 ya wiki bila kuchagua, andika kila moja lilisubiri dakika ngapi kabla ya jibu la kwanza, yapange kutoka dogo hadi kubwa na usome la katikati. Wastani wa kawaida hapa haufai: meseji mbili zilizolala hadi asubuhi zinauharibu wote. Mara nyingi utakuta tangazo linakwenda usiku kucha, meseji nyingi zinaingia baada ya saa mbili usiku watu wakiwa wamekaa na simu, na wahudumu waliondoka saa kumi na mbili. Uamuzi uko wazi: mhudumu mmoja aanze mchana na amalize usiku.

Ya tatu ni oda zilizoshindikana, pamoja na sababu. Bila sababu haisaidii kitu. Kijana wa mizigo achague moja kati ya chache: hapokei simu, hana hela leo, amebadili mawazo, bidhaa si aliyoitarajia, tumechelewa. "Hapokei simu" zikizidi, mhudumu apige simu asubuhi kabla bodaboda haijaondoka. "Hana hela leo" zikizidi, oda zote za kuanzia kiasi fulani zitangulizwe malipo ya nauli kwa lipa namba. "Si aliyoitarajia" ni suala la picha, linarudi kwa msimamizi wa matangazo.

Ya nne ni siku za stoki kwa bidhaa inayotangazwa. Gawa zilizobaki kwa wastani wa zinazouzwa kwa siku. Zimebaki jozi 45 za pamba, zinatoka 5 kwa siku, una siku 9. Kama mzigo mpya huchukua siku 10 kufika, punguza tangazo leo. Timu za masoko huona stoki si kazi yao, kisha wanalipia wiki nzima ya meseji zinazojibiwa "imeisha, labda rangi nyingine?"

Wateja waliorudi kununua sikuwaweka. Ni kipimo kizuri, ila kwa mashuka kinasogea polepole mno. Kitazamwe kwa robo mwaka.

Ukurasa upangweje?

Utafunguliwa kwenye simu, mara nyingi kutoka kwenye grupu la WhatsApp, kwa hiyo panga kwa upana wa simu. Juu kabisa weka maneno, si mchoro: "Wiki hii: punguza video kwa nusu, zamu ya usiku ianze Jumatatu." Chini yake jedwali la matangazo, lililopangwa kuanzia ghali zaidi. Kisha mstari mmoja wa gharama kwa oda iliyofika kwa wiki nane, na kikomo cha 12,000 kimechorwa ukikate. Halafu zile namba tatu, kila moja na kikomo chake pembeni.

Rangi nyekundu itumike kwa namba iliyovuka kikomo peke yake. Ukiwapa watu kijani na njano pia, watajadili kwa nini njano si kijani. Miduara iliyokatwa vipande na zile saa zenye mshale zinakula nafasi na hazionyeshi wiki iliyotangulia.

Tutumie zana gani?

Google Sheets inatosha. Looker Studio ni nzuri mkishakubaliana juu ya namba, kwa sababu kubadili mambo humo kunachukua muda zaidi. Tengeneza karatasi ya `Oda` yenye tarehe ya kuagiza, alama ya tangazo, kiasi, hali na sababu, na nyingine ya dashibodi. Tarehe ya Jumatatu ikae `B1`, alama ya tangazo `A5`. Oda zilizofika zinahesabiwa hivi:

```
=COUNTIFS(Oda!A:A,">="&$B$1,Oda!A:A,"<"&$B$1+7,Oda!B:B,$A5,Oda!D:D,"Imefika")
```

Kama matumizi yako `B5` na oda zilizofika ziko `E5`, gharama ni:

```
=IFERROR(B5/E5,"hakuna")
```

Neno "hakuna" limewekwa makusudi. Tangazo lililokula hela bila oda hata moja likionyesha 0, litaonekana ndilo rahisi kuliko yote.

Safu ya hali iwe ya kuchagua kwenye orodha, isiandikwe kwa mkono. "Imefika", "imefka" na "delivered" ni vitu vitatu tofauti mbele ya fomula.

Tulinganishe na wiki iliyopita?

Kwa uangalifu. Wiki ya mshahara na wiki ya katikati ya mwezi si ndugu, na Januari ya ada za shule haifanani na mwezi mwingine wowote. Afadhali mlinganishe na kikomo, kisha mtazame mstari wa wiki nane mkiwa mmeweka alama kwenye wiki za mshahara na sikukuu.

Kwa mwaka uliopita kuna mtego wa Ramadhani. Hurudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka, na mapazia hununuliwa sana kabla ya Idi. Ukilinganisha tarehe kwa tarehe, mwaka huu utaonekana umelipuka wiki moja na kuanguka inayofuata. Hesabu wiki kutoka Idi kurudi nyuma.

Tangu tuanze kupima, wahudumu wanaandika oda hewa. Tufanyeje?

Hilo litatokea popote ambapo namba inamgusa mtu mfukoni. Funga maana ya neno kwanza: oda ni jina, mahali, bidhaa na siku ya kupokea iliyokubaliwa. "Nitakucheki wiki ijayo" si oda. Halafu bonasi, kama ipo, ifuate oda zilizofika. Kila wiki mtu asiye mhudumu achukue oda kumi zilizoandikwa "Imefika" azitafute kwenye taarifa ya lipa namba au kwenye fedha taslimu aliyorudisha bodaboda. Asipoiona moja, aulize siku hiyohiyo.

Kikao kiwe siku gani?

Jumatano asubuhi. Jumatatu mizigo ya wikendi haijafika na mabasi ya mikoani bado yana majibu yao. Dakika 30 zinatosha, na ajenda ya kwanza ni uamuzi wa wiki iliyopita: ulitekelezwa? Mara nyingi kuliko unavyodhani, jibu ni hapana.

Sisi tunauzia makampuni, mauzo yanachukua miezi minne. Hii inatufaa?

Kwa sehemu. Oda iliyofika haiwezi kuwa kipimo chenu cha wiki. Tafuteni hatua ya mapema ambayo wateja walionunua huipitia karibu wote na wasionunua huishia kabla yake, kwa mfano kuomba bei kwa maandishi. Pimeni gharama ya hatua hiyo kila wiki, na kila robo mwaka mhakikishe bado inatabiri mauzo.

Namba iondolewe lini kwenye dashibodi?

Ikipita wiki nane bila kusababisha badiliko lolote. Kabla ya kuitoa, tazama kikomo chake: huenda kimewekwa mbali kiasi kwamba hakivukiki. Kikiwa sawa na mambo yametulia, iondoe ukurasani ila uendelee kuikusanya. Duka letu lingeweza kutoa muda wa kujibu baada ya zamu ya usiku kuzoeleka, na nafasi yake ikachukuliwa na uamuzi mpya, tuseme kama mizigo ya Mwanza iendelee na basi lilelile au itafutiwe jingine.